Nimonia: Kidole, Sikio na Uchaguzi wa Dawa

Daktari anapoandika antibiotiki ya nimonia, mara nyingi hajui ni kijidudu gani anachokipiga. Kuotesha makohozi au damu maabara huchukua siku mbili au zaidi, na hata kwenye hospitali zenye kila kitu wagonjwa wengi humaliza dozi bila kijidudu chao kujulikana. Mgonjwa anayehema kwa shida hawezi kusubiri majibu hayo. Dawa ya kwanza basi huchaguliwa kwa ushahidi unaopatikana pale pale kitandani: hesabu ya pumzi, mlio wa kifua chini ya kidole, na kile sikio linachosikia.

Hapa ninazungumzia nimonia ambayo mtu huipata nyumbani au kazini. Ile inayompata akiwa amelazwa ina vijidudu vingine, vingi vikiwa vimeshazoea dawa, na hutibiwa kivingine.

Tuchukue mfano wa baba wa miaka 58, mwendesha mashine ya kusaga nafaka. Siku ya kwanza alipatwa na baridi kali ya kutetemeka. Akadhani ni malaria, akameza dawa mseto bila kupima. Siku ya tatu ana kichomi upande wa kulia kila akivuta pumzi, na anakohoa makohozi yenye rangi ya kutu. Mkewe anamleta kituo cha afya akiwa amemshika mkono.

Swali la kwanza la tabibu ni hili: huyu ni mgonjwa kiasi gani? Kwa hilo hutumia alama nne, kila moja ikiwa na pointi moja. Je, amechanganyikiwa? Je, anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika? Je, shinikizo la damu la juu liko chini ya 90, au la chini ni 60 au pungufu? Je, ana miaka 65 au zaidi? Asiye na pointi hata moja kwa kawaida hutibiwa nyumbani. Mwenye moja au mbili hufikiriwa kupelekwa hospitali, na mwenye tatu au nne hukimbizwa. Hospitali yenye maabara huongeza kipimo cha urea kwenye damu.

“Mzee, leo siku gani?” tabibu anauliza. “Jumatano,” anajibu kwa kukatiza, na ni kweli. Kisha tabibu anamshika mkono kana kwamba anapima mapigo ya moyo, huku macho yake yako kifuani. Anahesabu dakika nzima, bila kumwambia, maana mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha. Anapata 32. Wenye haraka huhesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne, na kosa la pumzi mbili tu huwa nane. Shinikizo la damu ni 104 kwa 58. Jumla ni pointi mbili.

Kipimo hiki kilitengenezwa kwa wagonjwa wa Uingereza, New Zealand na Uholanzi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Wengi wao walikuwa wazee. Kwetu mgonjwa mahututi anaweza kuwa kijana wa miaka 28 mwenye VVU, ambaye umri wake haumpi pointi yoyote. Ndiyo maana watafiti wa Blantyre, Malawi, mwaka 2013 walipendekeza kipimo kingine kinachotazama kama mgonjwa amekonda na kama anaweza kutembea mwenyewe. Mimi naona maswali hayo mawili yanastahili kuulizwa kila mahali. Kingine kisichokosekana ni kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Cha baba huyu kinasoma 89. Kwa namba hiyo peke yake anahitaji oksijeni na kitanda, hata kama angekuwa na pointi sifuri.

Ukali wa ugonjwa sasa umejulikana, lakini bado hatujajua kuna nini kifuani. Tabibu analaza kidole cha kati cha mkono wa kushoto mgongoni mwa mgonjwa na kukigonga kwa kidole cha mkono wa kulia. Mbinu hii iliandikwa mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria aliyekuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na kifua hujibu kama pipa: penye hewa huvuma, palipojaa hudunda kwa sauti fupi. Chini kulia pamedunda. Akiweka kifaa cha kusikilizia hapo, pumzi inasikika kali na karibu, na mgonjwa akihesabu moja, mbili, tatu, sauti inakuja wazi kuliko upande wa pili. Sababu yake ni kwamba vifuko vya hewa vimejaa majimaji na chembe za damu, na sauti hupita vizuri zaidi kwenye kitu kilichoshikamana kuliko kwenye hewa.

Eneo moja la pafu lililojaa hivyo, homa iliyoanza ghafla na makohozi ya kutu humwelekeza tabibu kwa bakteria aitwaye nimokokasi, msababishi mkubwa wa nimonia ya watu wazima. Kama baba huyu angekuwa na hali nyepesi, amoksilini ya vidonge kila baada ya saa nane kwa siku tano ingetosha. Kwa kuwa ni mgonjwa sana, hospitali inampa seftriaksoni kwa mshipa pamoja na azithromaisini. Hiyo ya pili ina sababu yake: bakteria aina ya maikoplazma hawana ukuta wa nje, na amoksilini na seftriaksoni hufanya kazi kwa kubomoa ukuta.

Kifua kingine kingeleta mawazo mengine. Mikwaruzo pande zote mbili pamoja na mluzi huashiria zaidi virusi au pumu, ingawa sikio peke yake haliwezi kuthibitisha. Kikohozi cha wiki tatu, kukonda na tundu juu ya pafu kwenye eksirei hudai makohozi yapimwe kifua kikuu, na hapo levofloksasini iepukwe, kwa kuwa hukituliza kwa muda na kuchelewesha kugundulika. Mwenye VVU anayehema sana huku kifua kikisikika karibu salama anaweza kuwa na nimonia ya fangasi, ambayo dawa yake ni kotrimoksazoli kwa dozi kubwa.

Siku ya nne wodini, homa ya baba huyu bado inapanda. Ni rahisi wakati huo kubadilisha dawa kwa kudhani imeshindwa. Daktari anarudi kwanza kwenye kifua. Chini kulia sasa panadunda kama jiwe, lakini pumzi iliyokuwa kali imepotea kabisa, na sauti ya kuhesabu haifiki. Kuna majimaji kati ya pafu na ukuta wa kifua, nayo huzuia sauti. Anachoma sindano kati ya mbavu, na kinachotoka ni usaha.

Antibiotiki hufika kwa shida ndani ya usaha, hata iwe ya bei gani. Anawekewa mrija wa kuutoa, dawa inaendelea kwa wiki kadhaa badala ya siku tano, na homa inaanza kushuka. Kwa kuwa amepita miaka 50 na anavuta sigara, anapangiwa eksirei nyingine baada ya wiki sita, kwa sababu uvimbe wa saratani unaweza kujificha nyuma ya nimonia na kuonekana tu pafu likishasafika.