Saa Kumi na Mbili za Wapi?

Mwishoni mwa Agosti, shule zikikaribia kufunguliwa, status za WhatsApp za wachuuzi wa Kasindi hujaa viatu vya watoto, mabegi na madaftari. Matangazo mengi yana sauti moja: "Promo! Leo tu! Zinaisha! Usije ukalia!" Wiki inayofuata viatu vilevile vipo, bei ni ileile, na "leo tu" imeandikwa upya. Mama wa Butembo aliyekopa ili awahi ile "leo" ya kwanza anaiona hii mpya. Hatagombana na mtu, ila tangazo lijalo atalipita bila kulisoma.

Haraka yenyewe si dhambi. Mzigo una mwisho, lori lina siku ya kuondoka, na mteja angependa kujua. Kosa ni haraka iliyozaliwa ndani ya tangazo tu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 kuhusu biashara isiyo ya haki imepiga marufuku kabisa kudai kwa uongo kwamba bidhaa inapatikana kwa muda mfupi sana, kwa sababu uongo huo unamnyima mnunuzi nafasi ya kufikiri. Muuzaji anaweza kujipima kwa swali moja kabla ya kuandika: muda ukipita, nini kitabadilika? Kama hakuna, aandike bei peke yake, bila mwisho.

Tuseme dada mmoja mwenye duka Kasindi amebakiwa na pea 26 za viatu vyeusi vya shule. Aliviuza dolari 12. Sasa anataka 9, kwa kuwa mzigo mpya unakuja kupitia Mpondwe na anahitaji pesa za kuulipia. Hiyo ni sababu ya kweli, na ndiyo itakayomshawishi mteja. Basi aiandike:

"Viatu vyeusi vya shule: dolari 9, vilikuwa 12. Zimebaki pea 26: namba 32 ziko 11, namba 34 ziko 9, namba 36 ziko 6. Ninapunguza ili nilipie mzigo mpya. Bei hii inaisha Jumamosi tarehe 30 Agosti, saa 12 jioni, saa za Kongo. Baadaye zitakazobaki zinarudi 12. Namba yako haipo? Usitume pesa, uliza kwanza."

Hakuna alama hata moja ya mshangao, na hata hivyo mama mwenye mtoto wa namba 36 anajua kwamba lazima aamue. Zimebaki sita. Idadi ya jumla isingemsaidia: angetoka Beni kwa sababu ya "pea 26" akakuta namba ya mtoto wake iliisha asubuhi. Nayo ile 12 iwe bei ambayo watu walilipa kweli. Bei iliyopandishwa jana ili ishushwe leo ni uongo, hata kama hesabu ya punguzo ni sahihi.

Tarehe nayo ina kazi yake. Status hukaa saa 24, kwa hiyo "leo" iliyoandikwa Ijumaa jioni husomwa Jumamosi mchana kama leo nyingine. Mtu akiipiga picha na kuitupa kwenye kundi, itazunguka siku nyingi zaidi. Tena Kasindi iko mpakani: Uganda iko mbele kwa saa moja. Muuzaji wa Mpondwe akiandika "mwisho saa 12 jioni" bila kutaja ni saa za wapi, mteja wa Kasindi anayefuata simu yake anafika muda ukiwa umepita saa nzima, akidhani amedanganywa.

Kuna haraka moja ambayo ningependa iondoke kabisa: "Nunueni sasa, barabara itafungwa." Barabara ya Beni–Kasindi imeshuhudia mashambulizi, na watu huko huamua safari kwa habari wanazopata kwenye simu. Anayetaja hatari ili auze viatu anaeneza uvumi unaoweza kumzuia mgonjwa kusafiri. Kama usafiri umekwama kweli, aseme tu kwamba mzigo umechelewa.

Kazi haiishi tangazo likishatoka. Pea zikipungua, idadi irekebishwe. Aliyelipia awekewe yake pembeni na isihesabiwe tena kati ya zilizobaki. Zikiisha, tangazo liondolewe, hata kama bado linaleta wateja. Na ikiwa Jumamosi mvua itaharibu njia, wateja wa Beni wasifike, muuzaji anaweza kuongeza muda bila kuvunja neno lake, mradi aeleze: "Nilisema mwisho ni Jumamosi. Mvua imewazuia wengi kufika. Pea 5 bado zipo, zote namba 32. Nimeongeza mpaka Jumatatu tarehe 1 Septemba, saa 6 mchana, saa za Kongo. Sitaongeza tena." Kisha Jumatatu mchana bei irudi 12, hata kama mteja wa kwanza kuchelewa ni shemeji yake.