Midoli Sebuleni: Funga Nje, Punguza Kina Ndani

Mzazi aliyechoka kukanyaga vigari kwenye zulia mara nyingi hukimbilia kununua boksi moja kubwa la plastiki lenye mfuniko. Siku mbili sebule inapumua, ya tatu kila kitu kimerudi chini. Wengi husema watoto ni watundu, lakini kosa lipo kwenye boksi. Lenye kina cha sentimita 40 huficha kila kilicho chini ya tabaka la juu. Mtoto wa miaka miwili anayetaka ng'ombe wake hawezi kumwona, na mkono wake haufiki, kwa hiyo anafanya jambo pekee la busara lililobaki: analipindua. Sasa vitu sitini vipo sakafuni kwa sababu ya ng'ombe mmoja, na kuvirudisha ni kazi ya mtu mzima. Ukiona watoto wako wanamwaga badala ya kuchagua, pima kina cha chombo kabla ya kuwagombeza.

Kisanduku kinachomfaa mtoto mdogo kina kimo cha sentimita 12 hadi 15, kina aina moja tu ya vitu, na kimejaa theluthi mbili. Akikivuta anaona vyote kwa mara moja. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya kazi.

Nusu ya pili ni ya macho ya mgeni. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, mgeni aliweza kupokewa barazani au kwenye daka, na shughuli za watoto zikabaki ndani zaidi. Katika ghorofa la vyumba viwili la leo, chumba cha kumpokea mgeni ndicho hichohicho cha kuchezea. Mgeni akikaa kwenye sofa, macho yake huwa kama sentimita 110 hadi 120 kutoka sakafuni, yaani anavitazama vitu vya chini kutokea juu. Ndiyo maana kikapu kizuri cha ukili kilichowekwa kando ya sofa hakifichi chochote: mgeni anaona moja kwa moja rangi nyekundu, kijani na njano zilizomo. Kikapu hichohicho ukikisukuma chini ya rafu, pakabaki nafasi ya vidole vitatu tu juu yake, yaliyomo hayaonekani tena. Maboksi ya plastiki angavu yana kasoro hiyo pande zote, na kwa maoni yangu hayana nafasi sebuleni hata kidogo. Yapeleke chumbani.

Kwa hiyo kanuni ninayowapa mafundi ni kwamba nje pawe fanicha ya watu wazima, na ndani pawe na visanduku vya kina kifupi. Tuchukue sebule ya meta 3.6 kwa 4.2 jijini Dar es Salaam, yenye watoto wa miaka miwili na mitano. Fanicha inayofaa zaidi ni kabati la chini la runinga, maana lipo tayari karibu kila nyumba na hakuna anayelihusisha na watoto. Fundi wa Keko anaweza kulitengeneza kwa urefu wa sentimita 180, kimo 50 pamoja na miguu ya 10, na kina cha 45. Ukilipaka rangi, chagua inayofanana na meza ya katikati.

Kwa mbao za unene wa sentimita 1.8, kabati hilo likigawanywa sehemu tatu, kila moja inapata upana wa ndani wa kama sentimita 57. Sehemu moja iachwe wazi kwa king'amuzi na nyaya zake. Mbili zilizobaki ni za watoto, kila moja ikiwa na rafu moja katikati, na hapo kila ngazi inabaki na uwazi wa sentimita 17 hivi. Juu ya kila ngazi visanduku viwili vinakaa sambamba, kila kimoja upana 27, urefu 38 na kimo 14. Juu yake inabaki nafasi ya kupitisha mkono na hewa. Vikiundwa kwa plaiwudi ya milimita 6, kisanduku kitupu kina uzito wa kama kilo moja, mzigo ambao mtoto wa miaka miwili anaweza kuuburuta bila msaada. Mbele fundi atoboe tundu la kushikia, alipige msasa vizuri.

Milango iwe ya kusukuma pembeni. Ya bawaba hubana vidole, na ikiachwa wazi mtoto huigonga kwa paji la uso. Ya kusukuma ina faida nyingine ambayo wateja huigundua baadaye: mlango mmoja ukifunguka, unafunika sehemu ya pili, kwa hiyo visanduku vinavyofikiwa kwa wakati mmoja ni vinne, si vinane. Ndani ya kila kisanduku, upande wa mbele, bandika picha ya kitu chake. Dada wa kazi, bibi aliyekuja kutembea na mtoto asiyejua kusoma wote wataijua.

Jambo moja lisipuuzwe: kabati lifungwe ukutani kwa vyuma pembe na skrubu, kwa sababu mtoto atalipanda, na runinga nayo itundikwe ukutani badala ya kuegeshwa juu yake.

Visanduku vinane vikijaa na bado kuna lundo, kilichosalia hakiongezewi kabati. Kifungwe na kupelekwa juu ya kabati la nguo, kisha kila baada ya wiki mbili au tatu ubadilishe visanduku viwili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha jaribio la watoto 36 wenye umri wa miezi 18 hadi 30. Kila mtoto alicheza katika chumba chenye vitu 4, na wakati mwingine katika chumba chenye vitu 16. Palipokuwa na vichache, walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kwa namna nyingi zaidi. Kwa hiyo ukimfichia mtoto nusu ya midoli yake humwonei.

Mtoto wa miaka mitano ana vitu ambavyo havifai kufikiwa na mdogo wake: vipande vidogo vya kuunganisha, shanga, sumaku. Kipimo cha haraka ni bomba la karatasi ya chooni. Chochote kinachopita ndani yake kikae juu, kwenye rafu iliyo zaidi ya meta moja na nusu, na mkubwa akiombe na kukichezea mezani. Betri bapa za mviringo zisikae hata hapo bila kufungwa. Ikimezwa na kunasa kooni, betri hiyo inaweza kuunguza ndani ya saa mbili.

Kila mwezi fungua kisanduku kimoja baada ya kingine. Kilichochanganyika mara kwa mara kinaonyesha kwamba uligawa aina kwa umakini wa mtu mzima: magari makubwa huku, madogo kule. Unganisha. Ukikuta makombo ya biskuti, futa siku hiyohiyo, maana mende hupenda giza na utulivu wa kabati. Ukanda wa pwani, kausha kwanza chochote kilichooshwa.

Kuna vitu kabati halitavimeza: baiskeli ya magurudumu matatu, gari la kusukuma, jiko la kuchezea. Ukivuta sofa sentimita 40 kutoka ukutani, kimoja au viwili vitakaa nyuma yake bila kuonekana kutoka mlangoni. Vya ziada vilale varandani.