Majina mawili, kidonge kimoja

Ubena Zomozi iko kando ya barabara kuu ya Morogoro, ukishaipita Chalinze kama unatokea Dar es Salaam. Mgonjwa wa presha wa huko ana njia mbili. Akirudi Chalinze na kushika barabara ya Msata, anafika hospitali ya Msoga. Akiendelea mbele, anafika Morogoro mjini. Wengi hutumia njia zote mbili kwa nyakati tofauti, kutegemea mtoto yupi anawahudumia mwezi huo. Hapo ndipo dawa za vyeti viwili zinapokutana kwenye mfuko mmoja, na kila boksi lina jina lake.

Tuchukue mzee wa mfano, miaka 61. Mwaka jana alitibiwa Morogoro akapewa boksi la Norvasc 5mg. Mwezi huu amehudhuria kliniki Msoga na kurudi na cheti chenye mistari mitatu:

Tab Amlodipine 10mg OD 1/12
Tab Losartan 50mg OD 1/12
Tab HCTZ 12.5mg mane 1/12

Hakuna Norvasc kwenye cheti, kwa hiyo mzee anahesabu kwamba sasa ana dawa nne: tatu mpya na moja ya zamani ambayo hakuna aliyemkataza. Anameza zote. Baada ya siku kadhaa miguu inavimba kwenye vifundo, na akiinuka kitandani alfajiri anaona kizunguzungu. Nyumbani wanasema dawa za Msoga ni kali.

Norvasc ni jina la biashara, lililotolewa na kampuni ya Pfizer. Dawa iliyo ndani yake ni amlodipine, ile ile ya mstari wa kwanza. Mzee anameza miligramu 15 za dawa ambayo kiwango chake cha juu kwa siku ni 10.

Kila dawa ina jina lake la asili, ambalo halibadiliki hata ikitengenezwa na viwanda ishirini. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya majina hayo mwaka 1953, na hospitali za serikali kwa kawaida huandika hayo. Kwenye boksi la kampuni, jina la biashara ndilo lililonenepeshwa kwa rangi. La asili huwa chini yake kwa herufi ndogo, pamoja na uzito wa dawa. Mwenye macho mazito amwombe mjukuu amsomee hayo maandishi madogo, maana hayo ndiyo ya kulinganisha na cheti.

Majina ya asili yana faida nyingine: mwisho wake hutaja kundi la dawa. Zinazoishia -dipine, kama amlodipine na nifedipine, hulegeza mishipa ya damu, na kuvimba vifundo vya miguu ni kero yao inayojulikana. Zinazoishia -sartan, kama losartan, na -pril, kama lisinopril na captopril, huzuia njia moja ya homoni inayobana mishipa, ila kila kundi huizuia mahali pake. Kikohozi kikavu kisichoisha hutoka zaidi kwa -pril. Zinazoishia -olol, kama atenolol, hupunguza kasi ya moyo, na mwenye pumu anapaswa kumkumbusha daktari ugonjwa wake kabla ya kuandikiwa. Zenye -thiazide humwongezea mtu mkojo.

Ukiijua mikia hii mitano unaweza kugundua jambo ambalo daktari asiyeliona boksi lako la zamani hawezi kulijua. Dawa mbili zenye mkia mmoja ni za kuulizia. Amlodipine asubuhi na nifedipine jioni ni kundi lile lile mara mbili. Na -pril pamoja na -sartan zinahitaji swali hata kama mikia haifanani: mwaka 2008 utafiti uitwao ONTARGET, wa wagonjwa zaidi ya 25,000, ulionyesha kwamba kuzichanganya hakukuwapa faida zaidi, bali kuliongeza madhara, ya figo yakiwemo. Mwanamke mwenye mimba, au anayeitafuta, aulize mapema akiona mkia wowote kati ya hiyo miwili, kwa sababu dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.

Mwanzo wa jina, kinyume chake, hudanganya. Hydralazine na hydrochlorothiazide huanza kwa herufi zile zile, ilhali moja hulegeza mishipa na nyingine ni ya mkojo. Ndiyo maana siupendi ufupisho HCTZ wa mstari wa tatu. Umeukata mkia, yaani sehemu pekee ambayo ingemsaidia msomaji. Hiyo HCTZ ni hydrochlorothiazide, na ukimkuta mtoa dawa naye anaukodolea macho, mwambie apige simu kliniki kabla hajafungua kopo.

Zinabaki herufi za kipimo. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. Mane ni asubuhi, nocte ni usiku. Dawa ya mkojo imeandikwa mane ili mzee asiamke usiku kucha kwenda chooni. Alama ya mkwaju huwachanganya wengi: namba ya chini ndiyo inayotaja kipindi. Ya 12 ni miezi, ya 52 ni wiki, ya 7 ni siku. Kwa hiyo 1/12 ni mwezi mmoja, 2/52 wiki mbili, 5/7 siku tano. Hakuna hata moja inayosema umeze vingapi.

Idadi ya kumeza huandikwa kwenye bahasha ya dawa, na hapo mpangilio ni mwingine: namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. 1x2 ni kimoja kutwa mara mbili. 2x1 ni viwili kwa pamoja, mara moja.

Hapa ndipo kosa la pili hujificha, na hili humpata hata aliyezoea dawa zake. Duka likiwa na amlodipine za miligramu 5 tu, mtoa dawa ataandika 2x1 ili zitimie 10, na mwezi utahitaji vidonge 60. Mwezi unaofuata dukani zipo za miligramu 10. Bahasha mpya inasema 1x1, lakini mkono umeshazoea viwili, na mzee anameza 20. Dalili yake huonekana mapema: vidonge 30 vinaisha siku ya kumi na tano. Vikibaki vingi mwisho wa mwezi, kosa ni la upande wa pili. Basi kila unapopokea dawa, soma miligramu zilizo kwenye karatasi ya vidonge, zidishe kwa idadi unayoambiwa umeze, uone kama jibu ni lile la kwenye cheti.

Kwa mzee wetu hesabu inakuwa hivi. Amlodipine za miligramu 10, vidonge 30. Losartan za 50, vidonge 30. Hydrochlorothiazide ikiwa ni ya miligramu 25, ni nusu kidonge kila asubuhi, kwa hiyo 15 vinatosha. Akiuziwa boksi la losartan lenye herufi H au neno Plus baada ya jina, asome maandishi madogo: mara nyingi hydrochlorothiazide imeshachanganywa humo, na mstari wa tatu haununuliwi tena. Nukta ya 12.5 nayo iangaliwe, maana ikififia kwenye karatasi inabaki 125, na dozi hiyo ya presha haipo.

Boksi la Norvasc asilitupe. Alipeleke kliniki pamoja na cheti, aseme alikuwa akilimeza tangu lini na kwa kiasi gani, na amweleze daktari habari ya miguu. Daktari akijua kwamba uvimbe ulianza kwenye miligramu 15, hatakuwa na sababu ya kumwandikia furosemide ya kuuondoa.