Mgeni anapoondoka kabla ya wiki zake kwisha

Nyumba nyingi za Unguja mjini zina chumba kimoja ambacho hakikai kitupu. Leo yumo Mjerumani aliyekuja kusoma Kiswahili SUZA, kwenye taasisi ambayo wazee bado wanaiita TAKILUKI. Mwezi ujao ataingia mwanafunzi wa udaktari anayefanya mazoezi Mnazi Mmoja. Anapewa kitanda, chandarua, chai ya asubuhi na chakula cha usiku, na kabla siku tatu hazijapita atakuwa anamwita mwenye nyumba mama. Fedha huwa zimeshalipwa, aghalabu kwa wiki nyingi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mwanafunzi anapenda kufika akijua ana pa kulala na mwenyeji anapenda kuzishika mapema.

Shida huanza pale mmoja wao anapotaka kuvunja mpango katikati. Huenda mwanafunzi amepata chumba karibu na skuli, au amechoka kuulizwa anakwenda wapi. Huenda mwenyeji ana harusi ya bintiye na chumba kinahitajika kwa jamaa watakaotoka Pemba. Mara nyingine ni mgeni kurudi saa nane za usiku na kuamsha nyumba nzima kwa kugonga mlango. Sababu za kuondoka ni nyingi, lakini ugomvi wa fedha unaofuata karibu kila mara ni ule ule: mwanafunzi anahesabu wiki ambazo hatazilala, na mwenyeji anatazama fedha ambazo zimeshaingia kwenye bati la paa au ada ya mtoto.

Njia ya kuliona jambo hili bila kuchanganyikiwa ni kuzichukulia fedha zilizolipwa mbele kama amana. Kila asubuhi mgeni anapoamka kitandani kwako, sehemu ya fedha hizo inakuwa yako kwa halali. Zilizobaki bado ni zake, hata kama ziko mfukoni mwako. Mwenyeji anayelipokea jambo hilo tangu siku ya kwanza hapati taabu siku ya mwisho.

Tuchukue mfano, kwa tarehe na hesabu kamili. Mwanafunzi alilipa shilingi 280,000 kwa wiki, yaani 40,000 kwa kila usiku, na humo mlikuwa na chakula. Alilipa wiki kumi mbele, jumla shilingi 2,800,000. Aliingia Jumamosi ya tarehe 5 Julai 2025, na alitarajiwa kutoka Jumamosi ya tarehe 13 Septemba, baada ya kulala usiku 70. Walikubaliana kuwa anayetaka kuvunja mpango atoe notisi ya wiki mbili. Jumatano ya tarehe 30 Julai mwanafunzi akasema anahama.

Hapo ndipo hesabu zinapotofautiana. Mwanafunzi anasema wiki mbili kuanzia leo, kwa hiyo anatoka Jumatano ya tarehe 13 Agosti. Mwenyeji anasema wiki ya nyumba hii huanza Jumamosi, siku uliyoingia, kwa hiyo notisi inaanza kuhesabiwa tarehe 2 Agosti na utatoka tarehe 16. Kila mmoja ana mantiki yake. Kwa hesabu ya mwanafunzi, atakuwa amelala usiku 39 na anadai usiku 31, ambao ni shilingi 1,240,000. Kwa hesabu ya mwenyeji atakuwa amelala usiku 42 na anadai usiku 28, shilingi 1,120,000. Siku tatu zimezaa mzozo wa shilingi 120,000, na watu waliokula sahani moja wiki nne wameanza kupitana ukumbini bila ya salamu.

Mimi naona notisi ihesabiwe kuanzia siku iliyotolewa, isipokuwa kama waliandikiana vinginevyo. Mgeni hajui kuwa Jumamosi ina uzito wowote nyumbani kwako mpaka umwambie. Ukitaka hesabu ya wiki nzima nzima, iandike kwenye karatasi ya makubaliano siku anayoingia, na pia uandike kuwa malipo yanahesabiwa kwa usiku na si kwa wiki, maana wiki haigawanyiki vizuri mtu anapoondoka Jumatano.

Notisi ya mdomo haitoshi, na hapa ndipo wenyeji wengi hukwama. Mama mmoja wa Kikwajuni aliyewahi kukaa na wanafunzi aliniambia kwamba kuandika barua kwa mtoto anayekuita mama ni kama kumfukuza. Namwelewa. Lakini maneno yanayosemwa mezani, huku mmoja akitumia Kiswahili chake cha miezi miwili, hukumbukwa kwa namna mbili tofauti. Kwanza zungumza naye, kwa upole wako wote, kisha siku hiyo hiyo mpe karatasi au umtumie ujumbe wa simu ambao utabaki. Hauhitaji kuwa mrefu. Kwa mfano wetu, ingetosha kuandika hivi:

"Leo Jumatano, tarehe 30 Julai 2025, tumekubaliana kuwa makaazi yako kwetu yatakwisha Jumatano, tarehe 13 Agosti 2025, kabla ya adhuhuri. Usiku wako wa mwisho ni wa kuamkia tarehe 13. Umelipia usiku 70, utakuwa umelala 39. Nitakurejeshea fedha za usiku 31, shilingi 1,240,000, siku utakayokabidhi ufunguo."

Angalia kwamba hakuna neno hata moja la sababu. Sababu zinaongelewa ana kwa ana. Zikiingia kwenye karatasi zinageuka mashtaka, na mwanafunzi ataionyesha ofisi iliyomleta. Angalia pia "kuamkia". Kwetu usiku wa Jumatano unaweza kuwa ule unaotangulia mchana wake, kwa mgeni ni ule unaoufuata, na usiku mmoja ni shilingi 40,000. Tarehe inamaliza ubishi huo, kama vile "kabla ya adhuhuri" inavyomwepusha mgeni ambaye bado anachanganya saa nne na saa kumi.

Je, akitoa notisi leo na kesho asubuhi akabeba begi? Notisi ni ulinzi wa mwenyeji asiachiwe chumba kitupu ghafla, kwa hiyo ana haki ya kubakisha fedha za zile wiki mbili. Lakini kubakisha zote si uungwana, kwa sababu ndani ya zile 40,000 mna samaki, mchele na mkaa ambavyo hutavinunua tena. Tuseme chakula ni shilingi 15,000 kwa siku. Akiondoka asubuhi ya tarehe 31 Julai, usiku 13 wa notisi hataulala, na chakula chake ni shilingi 195,000. Ongeza hizo kwenye zile 1,240,000, umrejeshee 1,435,000. Na kama wiki inayofuata umempata mwanafunzi mwingine wa chumba hicho hicho, tangu usiku huo hakuna tena hasara ya kufidia; kuwatoza wawili kwa kitanda kimoja hakuna hoja itakayokutetea.

Mwenyeji ndiye anayevunja? Basi mwanafunzi akae wiki zake mbili, arejeshewe kila usiku uliobaki, na asikatwe kitu. Akitakiwa kutoka mara moja kwa sababu jamaa wa harusi wamefika mapema, fedha za notisi pia zinakuwa zake. Kwa kosa kubwa kabisa, mathalani kuingiza mtu chumbani kinyume cha kanuni za nyumba alizozikubali, mwenyeji anaweza kukataa kusubiri wiki mbili. Hata hapo fedha za usiku usiolalwa haziwi adhabu. Kama amevunja kioo, kioo kina bei yake dukani. Mwonyeshe risiti ukate hiyo tu.

Sasa kuna wanaopitia kwa skuli au wakala, na hawa ni wengi. Mwanafunzi ameilipa ofisi shilingi 350,000 kwa wiki, ofisi imekupa wewe 280,000 na kubakisha zake. Siku ya kuondoka atakutajia ile 350,000, kwa sababu ndiyo aliyoitoa. Usikasirike, na usimlipe mkononi. Mwenye kumrejeshea ni aliyempokelea, yaani ofisi. Wewe unairudishia ofisi sehemu yako ya usiku usiolalwa, kwa maandishi, na yanayohusu ada yao wayamalize wao. Mwenyeji anayemlipa mwanafunzi kwa huruma, kisha akakuta ofisi imekata fedha zile zile kwenye malipo ya mgeni anayefuata, amelipa mara mbili.

Suala la sarafu lilikuwa gumu zaidi zamani. Mgeni alilipa dola mwezi Mei, akataka dola mwezi Agosti, na kiwango kilikuwa kimepanda. Kanuni za serikali za mwaka 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo makubaliano yaandikwe kwa shilingi na shilingi ndizo zirudi, kiasi kile kile. Kama kiwango kimebadilika, faida au hasara ni ya mwenye fedha, mwenyeji haimhusu.

Mrejeshee angali nchini. Akishapanda ndege, kutuma benki ya Ulaya kunakula sehemu ya kile unachomrudishia, kisha mnaanza kugombana nani abebe gharama. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea, ili aliyeahidiwa 1,240,000 ashike 1,240,000. Ukilipa taslimu, mhesabie mezani, kisha nyote wawili mtie sahihi kwenye karatasi yenye tarehe, kiasi na neno kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Ufunguo urudi hapo hapo, na sheha aarifiwe kuwa mgeni aliyeandikishwa kwako amehama, ili likitokea lolote kwenye makaazi yake mapya asiwe bado wako kwenye daftari.

Limebaki lile gumu: fedha zimeshatumika. Hapo kukwepa simu ni kosa baya kuliko deni lenyewe, maana mwanafunzi atakwenda skuli, na skuli ndiyo inayopanga nani aletewe wageni. Mwambie siku ile ile ya notisi, umlipe nusu siku ya ufunguo, na nyingine uiandikie tarehe iliyo kabla ya safari yake. Zile wiki mbili za notisi zinakupa muda wa kutafuta. Kwa mgeni anayefuata, usikubali kupokea zaidi ya wiki nne kwa wakati mmoja, hata akikuomba umpokelee zote. Kwa bei ya mfano wetu hizo ni shilingi 1,120,000, na hata akiondoka baada ya usiku wa kwanza hawezi kukudai zaidi ya 1,080,000, kabla hujaondoa fedha za notisi.