Kurasa tatu kabla ya duka la mtandaoni kufunguliwa

Sera ya faragha huandikwa kwa kufuata safari ya taarifa za mteja, si kwa kunakili ya duka jingine. Chukua duka dogo la Nairobi linalouza vitenge mtandaoni. Mnunuzi hujaza jina, namba ya simu na mahali pa kupelekewa mzigo. Namba hutumika kulipia kwa M-Pesa, kisha jina na namba hiyohiyo hupewa mwendesha bodaboda. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinataka mteja aelezwe kinachokusanywa, sababu yake, watakaopewa na haki zake. Basi hata msafirishaji lazima aonekane humo, na hapo ndipo sera za kunakili hukwama.

Tangazo la vidakuzi lina mtego wake. Kidakuzi kinachokumbuka bidhaa za kikapuni ni cha lazima. Cha takwimu, kama `_ga` cha Google Analytics, kisubiri idhini. Mara nyingi kitufe cha kukataa ni pambo tu, kidakuzi kimeshaingia. Ili kuhakiki, tovuti hufunguliwa kwenye dirisha la faragha la Chrome kwa kompyuta, hubonyezwa F12, kisha Application na Cookies. `_ga` ikionekana kabla ya mgeni kukubali, tangazo linadanganya.

Vigezo na masharti hutaja bei, muda wa kupeleka mzigo, na hasa anayelipa nauli kitenge kikirudishwa. Jambo hilo lisipoandikwa, ugomvi wa kwanza utatokea hapo.