Namba ya Spana na Sakafu ya Pembe Nane

Spana iliyoandikwa 19 ina mdomo wa milimita 19. Inapokamata kichwa cha bolti, midomo yake miwili hulala juu ya pande mbili zinazotazamana, si juu ya pembe. Namba hiyo basi ni umbali wa kutoka upande hadi upande, na ukiigawa kwa mbili unapata 9.5, yaani umbali wa kutoka katikati ya kichwa cha bolti hadi katikati ya upande mmojawapo. Wanahisabati huuita umbali huo apothemu. Fundi gereji anaushika mkononi kutwa nzima, hata kama jina hilo hajawahi kulisikia.

Kwa umbo lenye pande zote sawa na pembe zote sawa, yaani poligoni sawa, apothemu pamoja na hesabu ya pande vinatosha kukupa eneo lote. Urefu wa upande hauhitajiki.

Sababu yake huonekana ukichora pembesita kisha ukavuta mistari kutoka katikati hadi kila pembe. Zinatokea pembetatu sita zinazofanana kabisa. Kitako cha kila moja ni upande wa umbo, na kimo chake ni apothemu. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, kwa hiyo kinachokosekana ni kitako tu, na kitako kimejificha ndani ya pembe ya katikati. Mzunguko mzima ni nyuzi 360; ukigawanywa kwa pembetatu sita, kila moja inapata nyuzi 60. Apothemu inaikata pembe hiyo nusu kwa nusu, zinabaki nyuzi 30, na hapo ndipo tanjenti inapoingia: nusu ya kitako ni apothemu mara tanjenti ya nyuzi 30. Zidisha nusu hiyo ya kitako kwa kimo, ambacho ni apothemu ileile, na umepata eneo la pembetatu moja. Kisha zidisha kwa hesabu ya pembetatu zote. Ikiwa n ni idadi ya pande na a ni apothemu, kanuni inaandikwa hivi:

A = n × a² × tan(180°/n)

Turudi kwenye ile 19. Mraba wa 9.5 ni 90.25, tanjenti ya nyuzi 30 ni 0.5774, mara sita, jibu ni takribani milimita za mraba 313. Nondo ya chuma yenye umbo la pembesita na kipimo hicho, ikikatwa urefu wa mita moja, itakuwa na sentimita za ujazo 313 hivi. Chuma huwa na gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kipande hicho kina uzito wa karibu kilo mbili na nusu. Anayenunua chuma kwa kilo huku akikitumia kwa mita anaweza kuyajua hayo yote kwa kupima upana wake tu.

Kwenye ujenzi, kanuni hii inafaa zaidi kwa vibanda vya pembe nane, vile vya kupumzikia bustanini. Tuseme kibanda kimekwisha kujengwa na sakafu inataka vigae. Fundi anavuta tepu kutoka katikati ya ukuta mmoja hadi katikati ya ukuta unaotazamana nao, anapata mita 6. Apothemu ni 3. Nyuzi 180 kugawa kwa 8 ni 22.5, na tanjenti yake ni 0.4142. Nane mara tisa mara 0.4142 ni mita za mraba 29.8. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kinafunika mita za mraba 0.16, kwa hiyo sakafu inameza vigae 187 kabla ya kuongeza vya kukata pembezoni. Vya kukata havitakuwa vichache, maana kuta nne kati ya nane zitakuja mshazari dhidi ya mistari ya vigae.

Kosa la kawaida hapa ni kuvuta tepu kutoka kona hadi kona. Mkono hukimbilia kona kwa sababu inaonekana wazi, ilhali katikati ya ukuta ni mpaka uitafute. Kama mita 6 zilizosomwa zilikuwa za kona kwa kona, eneo halisi ni mita za mraba 25.5 tu, na mteja amenunua vigae 27 vya bure. Dawa ni kupima kote kuwili. Kwenye pembenane iliyo sawa, kipimo cha kona kwa kona huzidi cha ukuta kwa ukuta kwa asilimia 8 hivi: penye mita 6 za ukuta kwa ukuta, kona zinapaswa kusoma karibu 6.49, na kila ukuta uwe na urefu wa mita 2.49 kwa ndani. Zikikataa, kibanda hakiko sawa pande zote na kanuni hii hakihusiki nacho. Hapo kazi ni kuigawa sakafu katika pembetatu na kupima kila moja peke yake.

Umbo lenye pande witiri lina mtego wake. Katika pembetano hakuna ukuta unaotazamana na ukuta. Mbele ya kila upande kuna kona. Anayepima kutoka upande hadi kona hiyo kisha akagawa kwa mbili anapata namba kubwa kuliko apothemu, na eneo lake litazidi kwa robo kamili. Kwa pembetano kipimo hicho kigawanywe kwa 2.236, ambayo ni kipeuo cha pili cha 5.

Kikokotoo nacho huweza kupotosha. Kikiwa kimewekwa kwenye radiani badala ya nyuzi, tanjenti ya 22.5 itatoka 0.558, na sakafu yetu itakuwa na mita za mraba 40.2. Namba hiyo haishtui mtu, lakini haiwezekani. Pembenane ya mita 6 ukuta kwa ukuta inaingia ndani ya mraba wa mita 6 kwa 6, wenye eneo la 36, nayo inameza duara lenye nusu kipenyo cha mita 3, ambalo eneo lake ni 28.3. Jibu la kweli lazima liwe kati ya hizo mbili, na 29.8 limo.

Duara hilo la ndani lina habari yake. Apothemu ikiwa 1, mraba una eneo la 4, pembesita 3.46, pembenane 3.31. Pande zikizidi kuongezeka, kona zinapungua na eneo linasogelea lile la duara, ambalo ni pai. Arkimedi wa Sirakusa, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliifuata njia hii kwa kupima mizingo: alianza na pembesita iliyolizunguka duara, akaongeza pande mara mbili kila hatua, 12, 24, 48, mpaka 96, bila jedwali la tanjenti. Kwa pande 96 kanuni yetu inatoa 3.1427. Arkimedi alihitimisha kwamba pai ni ndogo kuliko 3 na sehemu moja ya saba, yaani 22/7, namba ileile ambayo wanafunzi bado wanaitumia kutafuta eneo la duara.