Kasi ya Kuchagua: Hesabu ya Lambda Katika Vidhibiti vya Kiwandani

Juisi ya miwa ikishatiwa chokaa, kiwanda cha sukari huipasha moto hadi nyuzi 103 hivi za Selsiasi, kisha huipeleka kwenye tangi kubwa ambamo tope hutuama na juisi safi hutoka juu. Joto hilo lazima lipite kidogo kiwango cha kuchemka, ili hewa iliyonaswa kwenye juisi itoroke kabla ya kufika tangini. Juisi ikiingia na ubaridi, viputo vya hewa huyabeba matope juu badala ya kuyaacha yazame. Kazi ya kulinda joto hilo, Kilombero kama Kakira, huachiwa kidhibiti kinachosoma kipimajoto na kufungua au kufunga vali ya mvuke.

Vidhibiti vingi vya aina hiyo huitwa PI, kwa sababu vina sehemu mbili. Sehemu ya P hujibu kosa la wakati huu: joto likipungua digrii mbili, vali inasogezwa mara moja kwa kiasi fulani. Sehemu ya I hulikusanya kosa kadiri muda unavyokwenda, na haiachi kuisogeza vali mpaka kosa limekwisha kabisa. Fundi hutakiwa kuandika namba mbili tu: nguvu ya kidhibiti, ambayo kwa kawaida huandikwa Kc, na muda wa I, unaoandikwa Ti. Viwanda vingi vinahangaika kwa miaka na namba hizo mbili, kwa sababu kila zamu huja na zake za kubahatisha.

Kanuni maarufu ya kwanza ilitolewa mwaka 1942 na Wamarekani wawili, Ziegler na Nichols. Walilenga mwitikio ambao kila wimbi lake ni robo ya lile lililotangulia. Kosa linakufa haraka, lakini joto linapanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kutulia. Kwenye kipasha joto cha juisi hilo ni tatizo kubwa, maana mvuke wake mara nyingi huchotwa kwenye vyungu vya kukaushia juisi. Vali ikiyumba, shinikizo la vyungu linayumba pia, na kila mtambo unaotumia mvuke huo unapata msukosuko ambao haukuuanzisha.

Mwaka 1968 Dahlin alichapisha njia yenye mtazamo mwingine, na viwanda vya karatasi, ambako yumba ndogo huonekana kwenye karatasi yenyewe, viliipokea kwa mikono miwili. Kwa njia hiyo fundi haulizi ni nguvu kiasi gani mtambo unaweza kuhimili kabla haujaanza kutikisika. Hutamka mapema anataka kosa liondoke kwa kasi gani, na muda huo anaoutaka ndio unaoitwa lambda. Hesabu hufanya yaliyobaki, ilimradi tabia ya mtambo ijulikane.

Tabia hiyo hupatikana kwa jaribio la hatua. Kidhibiti huwekwa kwenye mkono, joto likaachwa litulie, kisha vali ikasogezwa mara moja kwa kiasi kinachoonekana wazi kuliko mtetemo wa kawaida wa kipimo. Tuseme vali inatolewa kwenye asilimia 40 na kupelekwa 50. Kwa sekunde 20 hakuna kinachobadilika kwenye kipimajoto, kwa sababu juisi iliyopashwa upya bado iko njiani. Huo ni muda wa ukimya, unaoandikwa theta. Kisha joto linapanda, kwa kasi mwanzoni na taratibu baadaye, kutoka nyuzi 97 hadi 103. Muda unaotakiwa baada ya ukimya kupata asilimia 63 ya safari hiyo, yaani kufika nyuzi 100.8 hivi, huitwa tau. Tuseme ni sekunde 120.

Kilichobaki ni ukuzaji, Kp: mtambo unajibu kiasi gani kwa kila asilimia ya vali. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Kidhibiti hakijui digrii. Kinajua asilimia ya upana wa kipimo. Kipimajoto kikiwa cha nyuzi 0 hadi 150, digrii sita ni asilimia 4 ya upana huo. Vali ilisogea asilimia 10, kwa hiyo Kp ni 0.4. Anayegawanya digrii kwa asilimia hupata 0.6, na kidhibiti chake kinatoka dhaifu kuliko alivyokusudia bila yeye kujua sababu.

Sasa namba zinaingia kwenye kanuni:

```
Kc = tau / (Kp x (lambda + theta))
Ti = tau
```

Fundi akichagua lambda ya sekunde 120, sawa na tau yenyewe, Kc inakuwa 2.14 na Ti sekunde 120. Akitaka upole zaidi, lambda ya 360 inampa Kc ya 0.79, na Ti haiguswi. Ti ni mali ya mtambo, jaribio limeshaisema. Fundi anachagua lambda, na lambda inaigusa Kc peke yake. Palipokuwa na namba mbili za kubahatisha pamebaki uamuzi mmoja, tena unaoelezeka kwa sekunde ambazo hata meneja wa uzalishaji anazielewa.

Kwenye bomba lilelile linalokileta kipasha joto juisi yake kuna mzunguko mwingine wa udhibiti, wa mtiririko. Huu ni wa haraka. Tuseme vali ya juisi inaongezwa asilimia 5, na mtiririko unaongezeka asilimia 5 ya upana wa kipimo, kwa hiyo Kp ni 1. Ukimya ni nusu sekunde na tau ni sekunde 2. Lambda ya sekunde 6, mara tatu ya tau, inaleta Kc ya 0.31 na Ti ya sekunde 2.

Fundi aliyezoea kurekebisha joto huzitazama namba hizi akadhani zimekosewa. Nguvu imekuwa ndogo mno, na I imekuwa ya kasi ya kutisha. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Kc ikizidishwa na Kp huonyesha P pekee inapeleka vali umbali gani, mara tu lengo linapobadilishwa, ukilinganisha na mahali vali itakapoishia. Kwenye joto jibu ni 0.86: P inafanya karibu kazi yote papo hapo, na I inamalizia taratibu. Kwenye mtiririko jibu ni 0.31, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imeachiwa I. Vipimo vya mtiririko hutetemeka muda wote, na P yenye nguvu ingeunakili mtetemo huo moja kwa moja kwenye vali mpaka pakingi zake zilike. I hukusanya, na katika kukusanya mitetemo ya juu na ya chini hufutana. Mazoea ya kuuwekea mzunguko wa mtiririko Kc kubwa na Ti ndefu, kama za joto, ndiyo yanayozalisha vali zinazopiga kelele usiku kucha huku mtiririko ukirudi kwenye lengo kwa kusuasua.

Lambda mbili hizi zimepishana mara ishirini, na nafasi hiyo ina faida yake. Mtiririko humaliza mambo yake kabla joto halijaanza kujibu, kwa hiyo vidhibiti viwili havigombani. Zikikaribiana, kila kimoja huanza kurekebisha marekebisho ya mwenzake.

Lambda ina mpaka wa chini, na mpaka huo unawekwa na ukimya. Kwa kanuni hii, lambda ikilingana na theta, ukuzaji wa mtambo unaweza kuongezeka mara tatu hivi kabla joto halijaanza kuyumba bila kutulia. Lambda ikiwa mara tatu ya theta, nafasi hiyo ni mara sita hivi. Inasikika kuwa kubwa kupita kiasi mpaka mtu akumbuke kinachotokea miwa ikipungua: juisi ikipita nusu ya kiasi cha kawaida, mvuke uleule unaipasha karibu maradufu, na ukimya nao unarefuka kwa kuwa juisi inatembea polepole. Jaribio lililofanywa kinu kikiwa kimejaa halitoshi. Lirudiwe mtiririko ukiwa mdogo, na hesabu itumie Kp kubwa na theta ndefu zaidi kati ya zilizopatikana.

Vali mbovu nayo hujitambulisha kwenye jaribio hilohilo. Vali ikisukumwa juu mara mbili kisha ikarudishwa chini, ile hatua ya kwanza ya kurudi ikileta badiliko dogo kuliko nyingine au isilete kabisa, kuna mchezo au mkwamo kwenye vali. Hakuna Kc wala Ti itakayoponya hilo. I itaendelea kukusanya kosa mpaka vali ichoropoke ghafla na kupitiliza, kisha ianze upya upande wa pili. Vali itengenezwe kwanza, halafu jaribio lirudiwe.

Kuna mahali kanuni yenyewe inashindwa, nako ni kwenye mitambo ya polepole sana yenye ukimya mfupi. Chukua tangi kubwa la maji moto lenye tau ya dakika 40 na theta ya dakika 1. Kwa lambda ya dakika 3, kanuni inasema Ti ni dakika 40. Lengo likibadilishwa tangi linafuata vizuri, lakini maji baridi yakiingia ghafla, kosa dogo linabaki limening'inia kwa muda mrefu, kwa sababu I inakusanya kwa mwendo wa dakika 40. Mwaka 2003 Skogestad, profesa wa Norwei, alipendekeza dawa nyepesi: Ti isizidi mara nne ya lambda na theta zikijumlishwa. Hapa ni dakika 16. Kc haibadiliki, na tangi linarudi mahali pake mapema zaidi, ingawa lengo likibadilishwa joto litapitiliza kidogo.

Kwenye mtambo wa haraka shida hutoka kwenye mashine inayorekodi. Kumbukumbu inayohifadhi kipimo kimoja kwa dakika haiwezi kuonyesha tau ya sekunde 2. Mchoro unageuka ngazi moja iliyonyooka, na anayesoma ukimya juu yake anasoma kisichokuwepo. Jaribio la mtiririko linahitaji vipimo kadhaa ndani ya kila sekunde. Kidhibiti kinachofanya hesabu mara moja kwa sekunde nacho huongeza ukimya kwa nusu sekunde hivi, na nusu hiyo lazima iingizwe kwenye theta.

Baada ya namba kuwekwa, uhakiki huchukua dakika chache. Rudisha kidhibiti kwenye otomatiki na upandishe lengo la joto kwa digrii 2. Kama mfano ni sahihi, digrii 1.26 zitakuwa zimepatikana sekunde 140 baadaye, yaani theta na lambda pamoja, na joto litalifikia lengo bila kulipita kwa kiasi cha kuonekana. Likichelewa sana au likipitiliza, usiichezee Kc; rudia jaribio. Halafu andika kwenye daftari la mtambo Kp, tau, theta na lambda, pamoja na mtiririko uliokuwepo siku ya jaribio, ili zamu ijayo ikitaka kidhibiti cha kasi au cha upole zaidi ibadilishe lambda peke yake.